Majibu ya hatari yakipigiwa simu wodini: Kwa nini anayepokea huandika, kisha husoma alichoandika

Ni saa 8:40 usiku. Katika maabara ya hospitali ya wilaya huko Kanda ya Ziwa, mashine ya kupima damu inatoa karatasi ya mtoto wa miaka miwili aliyelazwa kwa malaria. Wingi wa damu: gramu 3.8 kwa desilita.

Mtaalamu wa maabara aliye zamu hahitaji kuuliza mtu kama namba hiyo ni mbaya. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) kuhusu matibabu ya watoto hospitalini unasema mtoto mwenye wingi wa damu wa gramu 4 au chini ya hapo aongezewe damu haraka, hata kama kwa macho anaonekana ana nafuu.

Karatasi hiyo ikiachwa kwenye trei isubiri mhudumu wa asubuhi, itafika wodini baada ya saa tano hivi. Mtoto anaweza asifike huko.

Kwa hiyo simu inapigwa. Simu hiyo ina utaratibu wake, na utaratibu huo ndio unaoamua kama namba iliyotoka kwenye mashine itafika kitandani kwa mtoto yuleyule, ikiwa ileile.

Mfano huu ni wa kubuni, lakini kila hatua yake hufanyika katika maabara halisi kila usiku.

Majibu gani yanapigiwa simu?

Si kila jibu lisilo la kawaida linahitaji simu. Linalopigiwa simu ni lile linaloonyesha kwamba mgonjwa anaweza kupoteza maisha ndani ya muda mfupi asipotibiwa, na kwamba kuna kitu daktari anaweza kufanya sasa hivi.

Wazo hili liliandikwa mwaka 1972 na mtaalamu wa patholojia wa Marekani, George Lundberg, aliyekuwa akifanya kazi Los Angeles. Tangu hapo maabara nyingi duniani zimekuwa na orodha yake, mara nyingi ikiwa imebandikwa ukutani juu ya simu.

Orodha hiyo hukubaliwa kati ya maabara na madaktari wa hospitali husika. Huwa na vitu kama sukari iliyoshuka sana, potasiamu iliyopanda kiasi cha kuweza kusimamisha moyo, wingi wa damu ulioporomoka, au bakteria walioonekana kwenye maji ya uti wa mgongo.

Ikiwa ndefu kupita kiasi inaharibu kazi. Wodi inayopigiwa simu kila baada ya robo saa kwa jambo linaloweza kusubiri huanza kuiacha simu iite, na siku ya jambo zito itaiacha vilevile.

Kabla ya kunyanyua simu

Tuseme mtoto wa kwenye karatasi anaitwa Kulwa, na namba ya faili lake ni 20416. Ana pacha wake, Doto, faili namba 20417, naye amelazwa wodi hiyohiyo, kitanda cha pembeni. Kwa Wasukuma na majirani zao majina hayo ndiyo hupewa mapacha, kwa hiyo si ajabu kuyakuta pamoja kwenye wodi moja.

Mtaalamu wa maabara anaanza na kichupa chenyewe. Anasoma lebo na kuilinganisha na fomu iliyokuja nacho. Anakiinamisha taratibu kuona kama kuna damu iliyoganda ndani, maana bonge la damu linaweza kuifanya mashine itoe namba ya uongo.

Anajiuliza pia kama damu imezimuliwa. Ikichukuliwa kwenye mkono uleule wenye dripu, juu ya sindano inapoingilia, maji ya dripu huchanganyika nayo na wingi wa damu huonekana mdogo kuliko ulivyo.

Anarudia kipimo. Namba inatoka ileile. Anaangalia majibu ya jana mchana, Kulwa alipolazwa: gramu 6.4. Mtoto mwenye malaria kali anaweza kushuka hivyo kwa siku moja. Hakuna bonge, lebo ni sahihi, namba inaendana na hali yake.

Yote haya yanachukua dakika chache, na hayapaswi kuzidi hapo. Uhakiki ukiendelea kwa nusu saa, mgonjwa ndiye anayelipa.

Simu yenyewe

Anapiga simu ya wodi ya watoto. Anayepokea ni muuguzi wa zamu.

“Habari za usiku sista, napiga kutoka maabara. Naongea na nani?”

Swali hilo la mwisho ndilo la kwanza kwa umuhimu. Majibu ya hatari hupewa mtu mwenye mamlaka ya kuyafanyia kazi: daktari au tabibu aliyeagiza kipimo, daktari wa zamu, au muuguzi anayemhudumia mgonjwa. Hayaachwi kwa mlinzi, mhudumu wa usafi, mwanafunzi aliye peke yake au ndugu wa mgonjwa, hata kama ndiye aliyekuwa karibu na simu.

Muuguzi anataja jina lake kamili. Mtaalamu anaendelea: “Nina majibu ya hatari. Chukua kalamu na faili la mgonjwa, nitasubiri.”

Kisha anatoa taarifa kwa mpangilio: jina la mgonjwa, namba ya faili, wodi, jina la kipimo, jibu, kipimio chake, na saa damu ilipochukuliwa. Jina la kipimo halirukwi kamwe. “Nne nukta mbili” ni namba nzuri kabisa kama ni potasiamu. Kama ni wingi wa damu, ni mtoto aliye hatarini. Namba bila jina la kipimo haina maana.

“Kulwa, faili namba mbili, sifuri, nne, moja, sita. Wingi wa damu, tatu nukta nane, gramu kwa desilita. Naomba unisomee ulichoandika.”

Kusoma alichoandika

Hapa ndipo wengi hukosea, wakidhani kinachotakiwa ni kurudia kwa mdomo. Kurudia maneno uliyoyasikia sekunde mbili zilizopita ni kazi ya sikio tu. Unaweza kurudia “tatu nukta nane” vizuri kabisa huku mkono umeandika 8.3.

Utaratibu una hatua tatu. Anayepokea anaandika kwanza. Kisha anasoma kutoka kwenye karatasi, si kutoka kichwani. Mwisho aliyepiga analinganisha na karatasi yake na kusema “sahihi” au anasahihisha. Kabla ya neno hilo la mwisho, jibu linahesabiwa halijafika.

Muuguzi anasoma: “Doto, mbili, sifuri, nne, moja, saba. Wingi wa damu tatu nukta nane, gramu kwa desilita.”

Namba ya kipimo ni sahihi. Mtoto si yeye.

Ni kosa linaloeleweka. Doto ndiye aliyekuwa akilia usiku kucha, ndiye aliyekuwa akilini mwa muuguzi, na mafaili ya mapacha hao yamelala moja juu ya jingine. Kulwa amenyamaza. Mtoto aliyepungukiwa damu kiasi hicho mara nyingi hukosa hata nguvu ya kulia.

“Hapana sista. Ni Kulwa, na namba inaishia na sita. Rudia tafadhali.”

Muuguzi anaweka chini faili la Doto, anachukua la Kulwa, anaandika upya, anasoma tena jina, namba zote tano, kipimo na jibu. “Sahihi,” anajibu mtaalamu. Simu nzima imechukua kama dakika mbili.

Kosa lingeishia wapi?

Mtu anaweza kufikiri kwamba kosa kama hilo lingegundulika mbele ya safari, maana damu haiongezwi bila kukaguliwa. Tatizo ni kwamba ukaguzi wa mbele ungepita bila kuona kitu.

Daktari angeambiwa Doto anahitaji damu. Sampuli ya kupima kundi na kulinganisha damu ingetolewa kwa Doto, na lebo ingeandikwa Doto. Mfuko ungetoka benki ya damu ukiwa na jina la Doto. Wauguzi wawili wangesimama kitandani, wangesoma mfuko, fomu na jina la mtoto, na vyote vingekubaliana.

Doto, ambaye wingi wake wa damu tuseme ni gramu 8.9, angeongezewa damu asiyoihitaji, na moyo na mapafu yake yangebebeshwa mzigo wa bure. Kulwa angebaki kitanda cha pembeni, kimya.

Nafasi nzuri ya kulikamata kosa ilikuwa pale kwenye simu, wakati watu wawili walipokuwa na karatasi mbili mbele yao.

Makosa haya hutokea hata palipo na vifaa vingi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 nchini Marekani uliangalia simu 822 zilizotoka maabara. Katika simu 29, sawa na asilimia 3.5, aliyepokea alikuwa amekosea kitu, na kosa lilionekana alipotakiwa kurudia alichopokea.

Mitego ya Kiswahili

Kila lugha ina maneno yanayochanganyika kwenye simu yenye makelele. Kwa Kiswahili, “sita” na “tisa” zina konsonanti zilezile, zimebadilishana nafasi tu. “Nne” na “nane” nazo hupotea kirahisi mtandao ukikatakata.

Dawa yake ni kutaja tarakimu moja moja, na desimali kutajwa kwa neno “nukta”. Namba 20416 haisomwi “ishirini elfu mia nne kumi na sita”. Inasomwa mbili, sifuri, nne, moja, sita. Panapobaki wasiwasi, mtu anasema: “Sita, inayofuata tano.”

Mtego mwingine ni majina. Mtoto mchanga asiyepewa jina huandikwa kwa jina la mama yake, na wodi ya wazazi inaweza kuwa na akina Neema watatu. Ndiyo maana jina peke yake halitoshi. Vinatakiwa vitambulisho viwili, na cha pili ni namba ya faili. Namba ya kitanda haifai, kwa sababu wagonjwa huhamishwa vitanda.

Mtego wa tatu ni saa. Muuguzi akiandika “8:52” kwenye daftari, anamaanisha saa nane na dakika hamsini na mbili usiku, kwa hesabu ya Kiswahili. Mashine ya maabara imechapa 02:40. Atakayesoma kumbukumbu hizo mbili wiki ijayo ataona kama simu ilichelewa zaidi ya saa sita, au atashindwa kujua ilikuwa usiku au asubuhi. Hospitali makini huamua mfumo mmoja, mara nyingi wa saa 24, na kila daftari hufuata huo. Saa 8:52 usiku huandikwa 02:52.

Kinachoandikwa baada ya simu

Simu ikikatika, kazi haijaisha. Maabara ina daftari la majibu ya hatari, au sehemu yake kwenye kompyuta. Kwa Kulwa, mstari wake ungekuwa na mambo haya:

- Mgonjwa: Kulwa, faili 20416, wodi ya watoto
- Kipimo na jibu: wingi wa damu, gramu 3.8 kwa desilita, kimerudiwa
- Jibu lilipojulikana: 02:40
- Simu ilipopokelewa: 02:52
- Aliyepiga: jina kamili na sahihi
- Aliyepokea: jina kamili na cheo, muuguzi wa zamu
- Amesoma alichoandika: ndiyo
- Tatizo: mara ya kwanza alisoma jina na namba ya mgonjwa mwingine, ikasahihishwa

Mstari wa mwisho mara nyingi huachwa wazi, kwa kuona aibu au kwa kumsitiri mwenzako. Lakini huo ndio unaoonyesha kwamba wodi inahitaji njia ya kutenganisha mafaili ya mapacha. Bila kuandikwa, kosa hilohilo litarudi kwa mapacha wengine.

Maandishi kama “wodi imejulishwa” hayana faida. Wodi haina masikio. Daktari akija asubuhi na kusema hakuambiwa, hakuna wa kuulizwa, na hakuna anayeweza kujua taarifa ilikwama wapi: maabara, kwa muuguzi, au baada ya hapo.

Upande wa wodi nao una daftari lake. Muuguzi anaandika kwenye faili la Kulwa jibu alilopokea, saa, jina la mtaalamu aliyempigia, na saa aliyomwambia daktari. Kumbukumbu hizo mbili zikiwekwa pamoja, safari nzima ya jibu inaonekana.

Hili si hiari kwa maabara inayotafuta ithibati. Kiwango cha kimataifa cha maabara za tiba, ISO 15189, kinataka kumbukumbu ya tarehe, saa, aliyetoa taarifa, aliyeipokea, jibu lililotolewa na matatizo yaliyojitokeza. Toleo la mwaka 2022 linataka pia ionyeshwe kwamba usahihi wa mawasiliano ulithibitishwa. Maabara nyingi za Afrika hupanda kuelekea kiwango hicho kupitia mpango wa nyota wa WHO kanda ya Afrika, ujulikanao kama SLIPTA, ambao ulizinduliwa Kigali mwaka 2009.

Simu isipopokelewa

Usiku simu ya wodi inaweza kuita hadi ikakatika. Muuguzi mmoja ana watoto thelathini, na pengine yuko kwenye dripu ya mwingine.

Maabara huwa na ngazi za kupanda. Kwa mfano, simu ya wodi mara mbili ndani ya dakika tano. Kisha simu ya daktari wa zamu. Kisha msimamizi wa wauguzi wa usiku. Vyote vikigoma, mtu anatembea na karatasi mkononi hadi wodini, na anayepokea anasoma na kusaini palepale. Kila jaribio linaandikwa na saa yake. “Simu haikupokelewa, 02:46” ni taarifa, na msimamizi anayeisoma mara nne kwa wiki anajua wodi ile ina tatizo.

Siku hizi wengi hutuma ujumbe wa WhatsApp. Unasaidia kwa sababu namba imeandikwa na haisikiki vibaya. Lakini tiki mbili za bluu zinaonyesha tu kwamba ujumbe umefunguliwa kwenye simu. Hazisemi ni nani aliyeishika simu, wala kama ameelewa, wala kama yuko hospitali au amelala nyumbani. Ujumbe kwenye kundi la watumishi ni hatari zaidi: kila mmoja anaweza kudhani mwenzake ameshalishughulikia, na siri ya mgonjwa imekwenda kwa watu wasiohusika. Ujumbe ukitumika, bado anatafutwa mtu mmoja wa kujibu kwa jina lake na kuthibitisha.

Mahali utaratibu unapoishia

Kusoma ulichoandika kunakagua safari ya jibu kutoka sikio hadi karatasi. Hakukagui sampuli. Kama damu ya Doto iliwekwa kwenye kichupa chenye lebo ya Kulwa saa mbili kabla, watu wawili watasomeana kosa hilo kwa usahihi kabisa. Kinga yake iko kitandani: lebo kuandikwa palepale damu inapochukuliwa, baada ya kumuuliza mama jina la mtoto na kulinganisha na faili, badala ya kumuuliza “Huyu ni Kulwa, eti?” na kupokea “ndiyo” ya mtu mwenye usingizi.

Na simu haimwongezei mtu damu. Saa 02:52 kwenye daftari la maabara haina maana kama daktari aliitwa 04:30. Kwa hiyo hospitali inayotaka kujua kama utaratibu wake unafanya kazi haiishii kuhesabu simu zilizopigwa. Inachukua mistari michache ya daftari la maabara kila mwezi, inafungua mafaili ya wagonjwa walewale, na kuangalia saa tatu: jibu lilipojulikana, lilipopokelewa, na matibabu yalipoanza.

Kwa Kulwa, saa hizo zingeweza kusomeka hivi: 02:40, 02:52, na 03:45 mfuko wa damu ulipotundikwa, baada ya sampuli mpya kuchukuliwa kwake, kundi kupimwa na damu kulinganishwa. Wauguzi wawili walisimama kitandani wakasoma jina. Safari hii lilikuwa la mtoto aliyenyamaza.